Unaomba radhi kwa lipi?

Mimi na yeye tuna jina moja, kwa hiyo tangu tujuane hatujawahi kuitana kwa majina. Yeye ni somo yangu, mimi ni somo yake, imeshatimia miaka 16. Ukimsikia mmoja wetu anamwita mwenzake kwa jina, ujue pameharibika. Siku ile aliniita kwa jina.

Nilikuwa nimetoa siri yake. Siri yenyewe sitaitaja hapa, maana nitakuwa nimerudia kosa lile lile mbele ya watu wengi zaidi. Itoshe kusema lilikuwa jambo la ndani ya nyumba yake. Aliniambia mimi peke yangu, usiku, na kabla hajaondoka alinishika mkono akasema, "Hili liishie hapa." Nikamwambia litaishia hapa. Likaishia hapo kwa miezi minne.

Mwezi wa tano tulikuwa wanawake wachache tumekaa tunapiga soga, yeye hayupo. Mmoja akaanza kumsema: siku hizi anaringa, simu hapokei, ukimwalika haji. Nikamtetea. "Msimseme hivyo, hamjui anayoyapitia." Ningekomea pale, leo nisingekuwa na cha kuandika. Lakini baada ya maneno yale pakawa kimya, wote wakanigeukia, na macho yale nayakumbuka mpaka leo kwa sababu yalinipendeza. Kwa dakika mbili tatu nilikuwa mimi ndiye ninayejua. Nikasema. Nikamalizia na "msimwambie mtu", neno ambalo kazi yake kubwa ni kumjulisha msikilizaji kwamba alichopewa kina thamani.

Siku tisa baadaye somo alikuwa mlangoni kwangu.

Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama na begi lake begani, bunda la funguo mkononi, anazizungusha kwenye kidole kimoja. Akaniuliza, "Lile jambo nilimwambia nani mwingine, zaidi yako?" Alikuwa anajua jibu. Nikamwambia sijui, mimi sikusema kitu. Akasema amepigiwa simu, ameambiwa. Nikasema basi labda nilitaja kidogo. Akauliza, "Kidogo kiasi gani?"

Hapo nikapandwa na hasira, na ilikuwa hasira ya mtu aliyekamatwa. Nikamwambia ana makuu. Nikamwambia nimechoka kubebeshwa mizigo yake, kwamba kila lake lazima liwe kubwa. Nikamalizia na, "Ndiyo maana watu wanakukimbia." Kwa aliyekuwa hajui yaliyompata, lile ni tusi la kawaida la wanawake wawili waliokosana. Kwa mimi niliyejua, ilikuwa ni siri yake ile ile nimeichonga ncha nikamchoma nayo. Funguo zikaacha kuzunguka. Akaniita kwa jina langu, mara moja, taratibu, kama mtu anayehakikisha amegonga mlango wa nyumba sahihi. Kisha akaondoka.

Yaliyofuata ndiyo yaliyonifanya niandike simulizi hii, kwa sababu ugomvi kila mtu anaujua, lakini jinsi nilivyouzidisha kwa kutaka kuumaliza haraka sikuwa nimewahi kusikia mtu akilieleza wazi.

Usiku huo nilimpigia mara 11. Hakupokea. Nikamwandikia meseji ndefu, na kiini chake kilikuwa hiki: samahani kwa yaliyotokea leo, unanijua nikishikwa na hasira, unajua ninavyokupenda, tusikubali shetani atutenganishe. Kimya. Siku ya pili nikatuma ujumbe wa sauti, nikalia humo ndani. Siku ya tatu nikamtuma mtu, rafiki yetu wa karibu mwenye busara, aende akatusuluhishe.

Nitasimama kidogo hapa kwenye usuluhishi. Kumtuma mtu kunafaa pale ambapo ugomvi wenyewe ni wa wazi na kila mmoja anataka kusikilizwa. Wangu haukuwa wa aina hiyo. Ili yule dada ajue anakwenda kusuluhisha nini, ilibidi nimweleze tumegombana kwa nini, na ili aelewe kwa nini somo amekasirika kiasi kile, nikamweleza na jambo lenyewe. Nilimtuma mtu kuniombea msamaha wa kutoa siri, na nauli niliyompa ikawa siri ile ile. Wakati nafanya hivyo sikuona kabisa. Niliona napatanisha.

Somo hakumfungulia. Jioni ile nikapata jibu lake la kwanza na la pekee:

"Unaomba radhi kwa lipi?"

Kwanza niliudhika. Nikaona ananidhalilisha, anataka nipige magoti. Nikaandika jibu: kwa kukupandishia sauti. Nikaliangalia lile jibu kabla ya kulituma, nikaona aibu. Katika yote niliyomfanyia, nilikuwa nimechagua lililo jepesi kuliko yote. Sikulituma. Ukweli ni kwamba swali lake sikuwa na jibu lake, na meseji zangu zote, na machozi yangu ya kwenye simu, hayakuwa yamemtajia kosa hata moja.

Niliamua kuandika barua, kwa kalamu na karatasi. Najijua. Tukikaa uso kwa uso, akinyamaza mimi nitaujaza ukimya wake kwa maneno, na maneno yanayonijia haraka huwa ni ya kujitetea. Karatasi inakuruhusu kukata. Na yeye ingempa uhuru wa kuisoma akiwa peke yake, kuacha katikati, kuichana akitaka.

Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa mbili na nusu. Niliipenda sana. Nikaiweka siku tatu, halafu nikaisoma kama vile mimi ni yeye, kalamu nyekundu mkononi, na nikaanza kuona mambo.

Nilikuwa nimeandika "siri ilivuja". Nimeandika "maneno yakanitoka", "jambo likajulikana", "ikafika masikioni mwako". Kiswahili chetu kina utajiri huu, kwamba kitendo kinaweza kutokea chenyewe bila mtu. Sahani ilivunjika, fedha zimepotea, siri imevuja. Sentensi tano mfululizo, na ndani yake hamna mtu aliyefanya lolote. Nikaziandika upya kwa kuweka nafsi mbele: nilitoa siri yako, nilisema, niliwaambia. Ni badiliko la silabi chache, lakini mkono wangu ulikuwa mzito kuliko nilipoandika kurasa zote zile za kwanza.

Kisha nikakuta methali. Nilikuwa nimezipanga kama askari: vikombe vikikaa pamoja havikosi kugongana, ulimi hauna mfupa, wagombanao ndio wapatanao, yaliyopita si ndwele. Methali ni nzuri, ila angalia kila moja ilikuwa inafanya kazi gani mle. Ya vikombe inagawa kosa nusu kwa nusu, wakati yeye hakunigonga popote. Ya ulimi inamshitaki ulimi na kuniacha mimi mwenye ulimi. Na kusema yaliyopita si ndwele ni haki ya aliyeumwa. Mimi niliyemtia ugonjwa siwezi kuwa ndiye wa kutangaza kwamba amepona. Nikazikata zote. Na yule shetani aliyenipitia, nikamkata pia. Hakuwepo.

"Kama nilikuumiza" ilikuwepo mara mbili. Kama! Nilimwona funguo zikisimama kwenye kidole chake, halafu naandika kama.

Lililonisumbua zaidi ni aya nzima kuhusu mwezi wangu ule. Nilikuwa na matatizo ya kweli kazini, silali vizuri, nina wasiwasi. Yote kweli, na kwa sababu ni kweli niliona nina haki ya kuyaweka. Nilikaa na aya ile jioni mbili. Mwishowe nikajiuliza: hii aya inamwomba somo afanye nini? Inamwomba anionee huruma. Yaani mimi ndiye niliyemkosea, na barua yangu inamtuma kazi. Kisingizio si lazima kiwe uongo. Ukweli nao unaweza kuwa kisingizio, kutegemea umewekwa pale ufanye nini. Nikaikata. Lakini maelezo moja niliyaacha, ya kwamba nilipenda kusikilizwa, kwa sababu alistahili kujua kwa nini, na jibu hilo halikunipunguzia kosa hata kidogo. Liliniongezea. Hicho ndicho kipimo nilichoendelea kukitumia.

Rasimu ya pili niliangukia upande wa pili. Mimi ni mtu mbaya, sistahili rafiki kama wewe, najichukia, sijui utawezaje kunitazama tena. Nilidhani huo ndio unyenyekevu. Nilipoisoma kwa sauti nikasikia mtu anayesubiri kuambiwa, "Hapana jamani, wewe si mbaya." Ukijipiga sana mbele ya uliyemkosea, atalazimika kuacha jeraha lake ashike mkono wako. Nayo nikaichana.

Ya tatu ilikuwa nzuri hadi mstari wa mwisho: "Nasubiri jibu lako, tusiutupe urafiki wa miaka yote hii." Yaani asipojibu, yeye ndiye mtupaji.

Hii hapa ya nne. Somo ameisoma simulizi hii yote kabla yenu na ameruhusu barua yake itolewe. Pale alipokata, nimeonyesha.

"Somo,

Huna lazima ya kuisoma barua hii yote leo, wala ya kuijibu. Uliniuliza naomba radhi kwa lipi. Nimechelewa wiki tano kwa sababu siku ulipouliza sikuwa na jibu.

Kwanza, nilitoa siri yako. Uliniomba iishie pale, nikakubali. Miezi minne baadaye niliwaambia wanawake watatu. Hakuna aliyenibana. Walikuwa wanakusema, na ningeweza kukutetea kwa kuwaambia tu kwamba wanakosea. Niliendelea kwa sababu walinyamaza kunisikiliza, na nilipenda kusikilizwa. Nilichowaambia ni hiki:" (sentensi mbili zimekatwa) "Mengine ya usiku ule sikuyasema. Nakueleza hivi ili ukikutana nao ujue wanachokijua na wasichokijua. Sikuelezi ili kosa lionekane dogo.

Pili, nilikudanganya. Ulikuja kwangu ukiwa unajua tayari, ukanipa nafasi ya kusema kweli mwenyewe. Nikakataa, halafu nikasema nilitaja kidogo. Nilikuacha umesimama pale unathibitisha jambo linalokuuma, kana kwamba wewe ndiye mshitakiwa.

Tatu, nilikwambia ndiyo maana watu wanakukimbia. Nilijua litakuchoma wapi, na ndiyo sababu nilichagua hilo. Si kweli. Wala si kweli kwamba umenichosha na mizigo yako. Mimi nimekuletea yangu miaka yote hii na hujawahi kunihesabia.

Nne, nilimtuma mtu kwako, na ili aje nilimwambia jambo lenyewe. Hili huenda hulijui. Nakwambia mimi usije ukalisikia kwingine. Kwa hiyo waliolijua kupitia kwangu ni wanne.

Wale watatu sijawaendea. Kuwaendea ni kulizungumza tena jambo lako, na safari hii sitaamua peke yangu. Ukitaka niende, nitawaambia: nilisema yasiyokuwa yangu kusema, nilikosea, naomba yasiende mbele zaidi. Sitajibu swali lolote. Usipotaka, sitakwenda. Na tangu siku ile habari zako siwapi watu, hata zile njema. Anayeniuliza namwambia akuulize mwenyewe.

Naomba unisamehe kwa haya manne. Ukihitaji muda, au ukiona haiwezekani, hilo ni lako. Sitakupigia na sitamtuma mtu tena. Tukikutana njiani nitakusalimu, sitakusimamisha."

Chini niliweka jina langu kamili. Rasimu zote za mwanzo zilimalizika na "somo yako", lakini safari hii niliona nikiandika hivyo nitakuwa namshika mkono bila ruhusa. Yeye kwangu ni somo, hilo naweza kulisema. Mimi kwake ni nani, alishaniita kwa jina, na kubadilisha ilikuwa juu yake.

Ilikuwa ukurasa mmoja na mistari sita ya nyuma yake.

Nilifikiria kuipiga picha nimtumie kwenye simu, ingemfikia dakika ile ile. Nikaacha, kwa sababu kwenye simu ningeona ameisoma saa ngapi, na ningeanza kuhesabu. Nikaitia kwenye bahasha, nikaifunga, nikaipitisha chini ya mlango wake saa ambazo najua yuko kazini. Ilikwama nusu. Nikapiga magoti kuisukuma kwa vidole, na nikiwa nimeinama vile nikashikwa na hamu kubwa ya kuivuta, niongeze sentensi moja tu. Nilikuwa nimeikumbuka sentensi nzuri sana. Nikaisukuma ikaingia.

Halafu pakawa kimya kwa siku 24.

Sikujua kwamba sehemu hii ndiyo ingekuwa ngumu. Kuandika, hata kukiwa kuchungu, ni kufanya kitu. Kunyamaza si kufanya kitu, na mwenye hatia anataka kufanya kitu. Siku ya sita nilipita karibu na kwake nikajiambia ni njia ya mkato, wakati hakuna mkato wowote pale. Siku ya kumi nikaandika meseji, "Sijui kama barua ilifika," nikaifuta. Ilifika. Niliisukuma mwenyewe. Nilichotaka ni kumkumbusha kwamba ninasubiri, na nilishamwahidi sitamsumbua. Ahadi ya kwanza niliyompa baada ya kuvunja ile nyingine ilikuwa ndiyo hii, ndogo kiasi hiki, ya kutompigia simu.

Katikati ya siku hizo, mmoja wa wale wanawake alinisimamisha akaniuliza, "Vipi mwenzako, ameshatulia na yale mambo yake?" Nikamwambia habari zake amuulize mwenyewe. Akacheka, akasema siku hizi nimekuwa mgumu. Nikamwambia ndiyo. Pakawa kimya kile kile cha siku ile, na macho yale yale. Nilishangaa jinsi nilivyotaka tena kuyajaza. Nilikuwa nimedhani kuandika barua kumenibadilisha. Kumbe barua ilikuwa imenionyesha tu mahali penyewe palipo.

Na yule dada niliyemtuma alininunia. Alisikia kwamba nimejuta kumtuma, akaona nimemfanya yeye mbaya. Nikamwomba radhi kwa kumpa jambo ambalo hakupaswa kubebeshwa. Alinijibu, "Sawa," ile sawa ya mdomoni. Hatujarudi vizuri mpaka leo. Nalisema kwa sababu nilidhani nikimaliza na somo yote yatakuwa yamekwisha, na haikuwa hivyo.

Siku ya 25 ikaingia meseji. "Nimesoma. Usiwaendee."

Nikaandika jibu la mistari minane. Shukrani, furaha, jinsi nilivyokuwa silali. Nikakumbuka aya ya kazini. Nikafuta, nikaandika, "Sawa. Sitakwenda." Hakujibu tena, na kwa mwezi mzima uliofuata tulikutana mara mbili tu njiani, tukasalimiana, kila mtu akashika njia yake. Mara ya pili alipunguza mwendo. Na mimi nikapunguza. Hatukusimama.

Watu wachache ninaowaamini waliniuliza kwa nini nisingefanya haraka, nikamwendea tu na kulia mbele yake, si tumetoka mbali. Inawezekana kwa wengine hufaa. Mimi naona mtu uliyemtolea siri ameporwa uwezo wa kuchagua nani ajue na lini. Ukimvamia na msamaha wako, kwa mtu wa kati, kwa simu 11, kwa machozi ya mlangoni, unampora tena kitu kile kile. Ndiyo maana barua yangu ilimrudishia kila uamuzi uliobaki: kusoma, kujibu, kwenda kwa wale wanawake au kutokwenda. Sikuwa na kingine cha kumrudishia. Siri hairudi.

Hatujarudi kama zamani. Kuna mambo naona kabisa yanampita moyoni na hanisimulii, anabadilisha mazungumzo, nami nabadilika naye. Zamani ningemwambia, "Somo, kuna nini?" Sasa naacha. Siku akitaka atasema, na asiposema nina habari kwa nini.

Baada ya mwezi ule wa kusalimiana njiani, somo alikuja mwenyewe, jioni, bila kuniambia kwamba anakuja. Nikamfungulia. Alikuwa na lile begi lake begani, na mkononi, badala ya funguo, alishika barua. Ilikuwa imekunjwa na kukunjuliwa mara nyingi mpaka kwenye mikunjo karatasi imekuwa laini kama kitambaa. Nikamkaribisha kiti. Akabaki amesimama. Akaifungua, akaweka kidole kwenye mstari.

"Hapa umeandika watatu."

"Ndiyo."

"Walikuwa wanne. Kuna mmoja alikuwa amesimama mlangoni, alisikia yote. Ndiye aliyenipigia."

Nikamkumbuka palepale, yule aliyekuwa anavaa viatu aondoke. Na sentensi ikaja yenyewe mdomoni, tayari, imevaa vizuri: sikujua kwamba anasikia. Tena ilikuwa kweli, sikujua. Somo alikuwa ananitazama. Nikaimeza.

"Wanne," nikasema.

Nikachukua kalamu mezani, nikakata "watatu" nikaandika "wanne". Nikashuka chini hadi kwenye jumla, nikakata "wanne" nikaandika "watano". Pale chini palipoandikwa "wale watatu" nikarekebisha pia. Nikamrudishia. Akaisoma tena ile mistari, polepole, akaikunja, akaitia begini. Kisha akalishusha begi begani, akaliweka chini.